Kichanga wa siku tatu: vipele vyeupe puani na mabaka yanayohamahama mwilini

MamaChausiku
Habari za jioni wadau. Naomba mnisaidie mawazo, hasa wenye uzoefu na watoto wachanga.

Nina binti, leo ana siku tatu. Mimba ilitimia, alizaliwa kwa njia ya kawaida akiwa na kilo 3.2. Ananyonya vizuri, anakojoa, analala. Alizaliwa na vidoa vyeupe puani na kidogo mashavuni, vigumu vigumu ukivipitishia kidole, hakuna hata kimoja kinachofika milimita mbili. Hivyo sikuvijali sana.

Kilichonitisha ni cha jana jioni. Nilipomvua nguo nikakuta mabaka kifuani, kila baka lina kijipele cheupe katikati, kingine cha njano kama kina usaha. Leo asubuhi ya kifuani yamefifia, ila mgongoni na mapajani yametoka mapya ambayo jana hayakuwepo.

Wifi yangu anasema ni joto. Mama mkwe anataka vile vya puani vikamuliwe. Jirani amenipa krimu, kwenye boksi imeandikwa ina betamethasoni na dawa ya fangasi, sijaipaka bado. Je, huu ni ugonjwa mmoja au viwili? Niondoke usiku huu kwenda hospitali au nisubiri asubuhi?

Mzee_Kibuyu
Hongera kwa binti. Hiyo ni harara tu, wifi yako yuko sahihi. Watoto wanafunikwa nguo tatu na blanketi juu, jasho linakosa pa kutokea. Mvue nguo, mwache wazi apate hewa, mpake poda. Kesho kutwa hutaona kitu. Watoto wangu wote wamepitia.

Lulu_wa_Bahari
Hata mimi vinanisumbua hivi vyeupe, viko chini ya macho mwaka wa pili sasa, haviumi na haviwashi. Nimebadilisha losheni mpaka nimechoka. Vya mtoto wako vikipona kwa dawa fulani nitajie na mimi.

Nesi_wa_Zamu
Mama hongera. Nafanya kazi wodi ya wazazi na watoto wachanga, kwa hiyo haya nayaona karibu kila zamu. Ulivyoeleza vimenionyesha picha fulani, lakini kabla sijasema naomba unijibu haya:

Joto lake la mwili ni ngapi kwa kipimajoto, siyo kwa kiganja? Viganja vyake na nyayo zina vipele? Mabaka ya kwanza uliyaona lini hasa, yaani alizaliwa nayo au yalikuja baadaye? Kuna sehemu yenye malengelenge ya maji yaliyokaa kwa kundi? Angalia kichwani ndani ya nywele pia. Na kwenye mikunjo ya shingo, kwapani, kinena na kuzunguka kitovu kukoje?

Krimu iweke mbali kwanza. Na puani asikamue mtu.

MamaChausiku
Asante nesi. Nimempima sasa hivi, 36.8. Viganja na nyayo ni safi kabisa. Alipozaliwa mwili ulikuwa safi isipokuwa vile vya puani, mabaka nimeanza kuyaona jana, siku ya pili. Malengelenge ya maji hakuna, kichwani nimeangalia kwa tochi ya simu hakuna. Mikunjo yote misafi, kitovu kikavu, hakinuki.

Nesi_wa_Zamu
Vizuri, umejibu vizuri kuliko wengi. Basi nakuambia ninavyoona. Hivi ni vitu viwili tofauti vilivyokutana kwa mtoto mmoja, na hilo ni jambo la kila siku wodini.

Vya puani ni milia. Karibu nusu ya watoto wanaozaliwa wanavyo. Ndani hakuna usaha wala mafuta, kuna keratini, yaani zile chembe za ngozi ya juu zilizotakiwa kubanduka zikanasa kwenye kimfuko kidogo chini ya ngozi. Kimfuko hicho hakina tundu. Ndiyo maana mkikamua hakitoki kitu, mnaishia kuichana ngozi ya siku tatu na kufungulia vijidudu mlango. Ngozi ikiendelea kujibandua yenyewe, vimfuko hufunguka na kwisha, kwa wengi ndani ya wiki chache, kwa wengine hadi miezi miwili au mitatu. Huenda vingine pale kwenye ncha ya pua ni vinyweleo vilivyojaa mafuta kwa sababu ya homoni zako ambazo bado ziko mwilini mwake. Hivyo huwa vya njano kidogo na hukaa vimepangana. Sijali sana kuvitenganisha na milia kwa sababu vyote viwili tunaviacha.

Mabaka ya mwilini ndiyo yenye kufikirisha, na hapo sikuangalia umbo peke yake. Kuna upele ambao madaktari huuita eritema toksikamu, unawapata karibu nusu ya watoto waliotimia miezi, huku wanaozaliwa njiti wakiupata kwa nadra. Mara nyingi unaanza siku ya pili au ya tatu, wachache huupata baada ya wiki. Unatoka kifuani, mgongoni, usoni, mapajani, mikononi, lakini viganja na nyayo unaviacha. Na sifa yake kubwa ni hiyo uliyoisema bila kuulizwa: unahama. Baka moja linaweza kuwepo asubuhi na jioni likawa limekwenda, lingine likazuka mahali pengine. Usaha wa bakteria haufanyi hivyo. Kipele cha bakteria kinakaa palepale kilipoanzia, kinakua, kinapasuka, kinaacha kidonda kibichi.

Kile cha njano katikati kinafanana na usaha kwa macho, lakini maabara wakichukua majimaji yake na kuyaweka kwenye hadubini hukuta seli ziitwazo eosinofili zimejaa, bakteria hakuna.

Sasa fanya hivi. Chagua mabaka matatu, piga picha kila moja mchana, karibu na dirisha, umbali uleule, ukiandika saa. Rudia jioni kabla giza halijaingia, kisha baada ya saa ishirini na nne. Usitegemee taa ya usiku. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kama kwenye mabango, pengine utaona weusi kidogo uliozunguka kipele au hutaona baka kabisa ila kijipele tu. Ukivuta ngozi taratibu kwa vidole viwili, rangi ya baka hupotea na kile cheupe cha katikati hubaki wazi zaidi.

Kwa majibu uliyonipa si wa kukimbizwa usiku huu. Ila kesho asubuhi mpeleke aonwe. Mimi nasoma maandishi, simwoni mtoto, na kichanga mwenye kitu chochote chenye sura ya usaha anastahili kuonwa walau mara moja na mtu anayejua.

Mzee_Kibuyu
Nesi nakuheshimu, lakini joto nalo lipo. Usilifute.

Nesi_wa_Zamu
Silifuti mzee wangu. Harara ya watoto wachanga ipo na chanzo chake ni hichohicho ulichosema, mirija ya jasho haijakomaa na inaziba. Kuna ya aina ya vitone vya maji safi ambavyo ukifuta kwa kitambaa vinapasuka bila kuacha alama, na kuna ya vipele vyekundu vidogo vidogo vilivyosongamana. Lakini angalia inapokaa: shingoni, mikunjoni, na penye nguo iliyobana. Na mara nyingi huja baada ya wiki ya kwanza. Mtoto huyu mikunjo ni misafi, mabaka yamekaa wazi kifuani na mapajani, na yanahama. Haviendani.

Ushauri wa kumpunguzia nguo mtoto aliyefunikwa kupita kiasi ni mzuri. Wa kumwacha wazi siuungi mkono kwa mtoto wa siku tatu, wanapoteza joto haraka sana, na kichanga aliyepoa ni hatari sawa na mwenye homa. Na poda naomba tuiache moja kwa moja. Ukiipiga inaruka na mtoto anaivuta hadi mapafuni.

Lulu, wewe ni habari nyingine. Vya mtu mzima chini ya macho vinaweza kuwa milia kweli, lakini havina haraka ya kuondoka vyenyewe kama vya mtoto. Daktari wa ngozi huvitoboa kwa sindano safi na kutoa kile kiini. Usifanye mwenyewe karibu na jicho. Na mtoto hatibiwi kwa dawa yoyote, kwa hiyo hutapata jina la dawa hapa.

Lulu_wa_Bahari
Sawa dada, nimekuelewa. Nitaenda kwa daktari wa ngozi.

BabaPacha
Naomba niulize kwa sababu la kwangu linafanana lakini silo. Pacha wangu wa kiume alizaliwa nayo tayari, siku hiyohiyo tumbo, shingo na mgongo vina vipele vya usaha, ila bila wekundu wowote. Alipoogeshwa mara ya kwanza vingi vikapasuka kirahisi, pakabaki vidoa vya kahawia vyenye ngozi nyepesi inayobanduka pembeni kama kola. Tukaandikiwa antibayotiki ya sindano na mtoto akalazwa. Sasa vile vidoa vya kahawia vimebaki vingi, mama yake analia kwamba dawa imemharibu ngozi. Mwenzake hana hata kimoja.

Nesi_wa_Zamu
BabaPacha, ulivyoeleza hatua kwa hatua umenisaidia sana. Alizaliwa nayo, hakuna wekundu, vinapasuka kwa kuguswa, vinaacha kola ya ngozi na chini yake doa la kahawia. Huo ni mfuatano wa upele unaoitwa melanosisi ya vipele vya usaha. Unaonekana zaidi kwa watoto weusi, kati ya kila mia wapo kama watano. Huu, tofauti na ule wa binti, unaweza kutoka hata viganjani na nyayoni. Wengine huzaliwa vipele vimeshapasuka tumboni mwa mama, unakuta madoa peke yake.

Mwambie mama yake kwamba dawa haikumharibu ngozi. Doa ni hatua ya mwisho ya upele wenyewe, lingebaki hata asingechomwa sindano yoyote. Hufifia polepole kwa wiki kadhaa hadi miezi mitatu hivi, bila kupaka kitu. Tafadhali sana msipake krimu za kung'arisha.

Kuhusu sindano, siwezi kuwahukumu waliompokea. Kuna mambo mengine huwafanya watu waanze dawa, mfano maji yaliyopasuka mapema au homa ya mama, na wewe hujayataja.

BabaPacha
Maji yalipasuka zaidi ya siku nzima kabla ya kujifungua. Hilo sikulihusisha.

Nesi_wa_Zamu
Basi pengine ndilo lililowasukuma, wala siyo vipele.

Tumaini_M
Naomba nipinge kidogo huu utulivu. Mtoto wa dada yangu alikuwa na vipele hivihivi tukaambiwa ni vya kawaida, subirini. Siku ya sita vilikuwa vimejaa kwapani na chini ya nepi, vingine vimekuwa malengelenge makubwa yenye usaha laini, vimepasuka ngozi ikawa mbichi kama imeungua. Alilazwa. Kwa hiyo mnaosema "kawaida" muwe mnasema kwa hofu.

Nesi_wa_Zamu
Tumaini, pole kwa hayo, na sikuyapinga. Hiyo uliyoieleza ni maambukizi ya bakteria, karibu kila mara stafilokoko, na sehemu ulizozitaja ndizo anazozipenda: kwapa, kinena, chini ya nepi, mikunjo ya shingo, kuzunguka kitovu. Ndiyo maana nilimuuliza mama sehemu hizo moja moja.

Kinachowapoteza watu ni kuangalia mara moja na kuondoka na jina. Mtoto anaweza kuwa na mabaka ya kawaida siku ya pili na maambukizi siku ya sita, kwenye mwili uleule. Jina la siku ya pili halimlindi siku ya sita. Ndiyo sababu ya zile picha na saa. Baka likifika saa arobaini na nane liko palepale na limekuwa kubwa, sahau niliyoyasema na umrudishe.

Na kuna moja ambalo kwangu halina kusubiri asubuhi hata kama mtoto anacheka: malengelenge madogo ya maji safi yaliyosongamana kwa kundi juu ya ngozi iliyovimba nyekundu, hasa kichwani sehemu iliyotangulia kutoka, au karibu na jicho na mdomo. Hiyo inaweza kuwa hepesi. Mara nyingi hujitokeza kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, mtoto anaweza asiwe na homa, na mama anaweza asijue kama aliwahi kuwa nayo. Dawa yake ya mshipani ipo na inafanya kazi ikianza mapema, kabla virusi havijafika kwenye ubongo.

Vilevile, vipele viwepo visiwepo: akikataa kunyonya, akilegea mpaka asisogee bila kuamshwa, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, akishtuka degedege, joto likifika 37.5 au likishuka chini ya 35.5, kitovu kikiwa chekundu au kikitoa usaha, ni kuondoka saa hiyohiyo.

Tumaini_M
Hapo nimeelewa. Bado naona kila kipele cha njano kwa mtoto wa chini ya mwezi kiende kwa daktari, lakini maelezo nimeyapokea.

Msafiri_Jioni
Tumaini, wengine kufika kituo ni nusu siku ya njia, na kumbeba kichanga kwenye umati wa wagonjwa nako kuna hatari yake. Kama ananyonya, hana homa na mabaka yanahama, mimi ningekaa naye nyumbani nikimwangalia kwa karibu.

Nesi_wa_Zamu
Hilo hata sisi wodini hatukubaliani wote. Daktari ninayefanya naye kazi angekuunga mkono, Msafiri. Mimi bado namtaka aonwe walau mara moja.

MamaChausiku
Wadau nimerudi. Asubuhi nilimpeleka. Daktari alimvua nguo zote dirishani, akavuta ngozi kwa vidole, akaangalia viganja, kitovu na ndani ya mdomo. Picha nilizopiga ndizo zilimsaidia zaidi, kwa sababu baka la bega la kushoto nililolipiga jana leo halipo kabisa, pamebaki ngozi tupu. Amesema ni kama alivyosema nesi. Hakuandika dawa. Krimu ya jirani aliisoma akasema ina steroidi kali, ngozi ya kichanga ni nyembamba inafyonza sana, na ingeweza kuficha maambukizi kama yangekuwepo. Nimeirudisha.

Mama mkwe nimemwonyesha maneno ya kimfuko kisicho na tundu. Ameacha kushika pua.

Ila daktari alipofungua mdomo ameniachia swali jipya. Juu kwenye kaakaa, katikati kabisa, kuna vitone vitatu vyeupe. Alisema viache nikasahau kuuliza ni nini. Siyo fangasi?

Mzee_Kibuyu
Hayo ni meno ya uongo, yanatolewa mapema yasimzuie kunyonya.

Nesi_wa_Zamu
Mzee, hapo nakuomba usimwambie mtu tena, nasema kwa heshima zote. Yasitolewe. Vitone hivyo ni ndugu wa milia, keratini ileile imenasa pale pande mbili za kaakaa zilipoungana mtoto akiwa tumboni, ndiyo maana vinakaa mstari wa katikati. Watoto wengi wanavyo, vinakwisha kwa wiki chache, na havimzuii kunyonya. Kuvichokoa ni kumtoa damu kichanga na kumpa maambukizi.

Fangasi unaitambua hivi: ni utando mweupe, si vitone, unakaa kwenye ulimi na ndani ya mashavu, na ukiufuta kwa kitambaa safi chenye unyevu haung'oki kirahisi, au unang'oka ukiacha pekundu. Maziwa yaliyoganda yanafutika.

Mzee_Kibuyu
Sawa nesi. Hilo la mdomoni nimelisikia.

MamaChausiku
Narudisha taarifa kwa watakaosoma uzi huu baadaye. Mabaka yaliisha yote siku ya saba, hayakuacha alama. Puani bado vipo, vimepungua. Sasa ana wiki tatu na mashavuni vimeanza vipele vingine, vyekundu vyenye ncha nyeupe, vinaonekana sana akilia. Hivi havihami. Nimeshampima joto, 36.9, ananyonya kama kawaida. Kwa maelezo ya juu, kisichohama ni cha kuogopa, ndiyo maana nimerudi.

Nesi_wa_Zamu
Umefanya vizuri kurudi, kwa sababu kipimo cha kuhama ni cha yale mabaka ya siku za mwanzo, si cha kila kipele. Hivi vya wiki ya tatu, mashavuni, paji la uso na kidevuni, kwa mtoto mzima wa afya, huwa ni chunusi za utotoni. Inadhaniwa zinatokana na fangasi mdogo aitwaye malasezia anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu. Tofauti na milia, hizi zina wekundu kwenye shina. Osha uso kwa maji vuguvugu mara moja kwa siku, ukaushe kwa kugusagusa, usipake mafuta ya mgando juu yake kwa sababu yanazidisha. Huisha zenyewe kabla ya miezi minne. Zikishuka mwilini, zikiwa na maji ndani, au moja ikivimba na kuuma, mrudishe.

BabaPacha
Nesi swali la mwisho. Pacha mmoja alipata, mwingine hakupata, tumbo moja na siku moja. Kwa nini? Na haya mabaka ya binti yanasababishwa na nini hasa?

Nesi_wa_Zamu
Ya pacha wako sina jibu, na sijaona mtu mwenye jibu. Ya mabaka, maelezo yanayoaminiwa zaidi ni kwamba vijidudu vya kawaida vya ngozi vinaingia kwenye vinyweleo saa za mwanzo baada ya kuzaliwa, na kinga ya mtoto inavijibu kwa mara ya kwanza. Hilo linaendana na kwamba viganja na nyayo, ambako hakuna vinyweleo, vinaachwa, na njiti ambao kinga yao haijakomaa hawapati sana. Lakini halijathibitishwa.

Vidoa vya kahawia vya kijana vikoje sasa?

BabaPacha
Vya shingoni vimekwisha. Vya mgongoni bado, ila vimepauka.